Saa Sita Kamili: Mwongozo wa Kusalimia kwa Kufuata Wakati, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili

Mgeni aliingia saa mbili na dakika kumi usiku, maji ya mvua yakimchuruzika mabegani, akaliburuta sanduku lake hadi kwenye kaunta ya mapokezi. Hiyo ilikuwa wiki yangu ya pili kazini katika hoteli moja ya Arusha. Nikamkunjulia uso na kumwambia, "Good night, sir." Alisimama, akageuka kuutazama mlango alioingilia, kisha akaniuliza kwa upole kama vyumba vimejaa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimemuaga kabla ya kumkaribisha, kwa sababu nilikuwa nimechukua neno "usiku" la Kiswahili, nikalitafutia mwenzake wa Kiingereza, nikaliweka mahali ambapo Waingereza hawaliweki kamwe.

Tangu siku hiyo nimefundisha vijana wengi wa mapokezi, na nimeona kwamba makosa yao, kama langu, hayatokani na kutojua maneno. Wote wanajua "good morning" tangu darasa la kwanza. Wanakosea kwa kudhani kwamba siku ya Kiingereza na siku ya Kiswahili zimekatwa kwa kisu kimoja, kiasi kwamba kila kipande cha huku kina mwenzake kule. Mwongozo huu unaonyesha mahali ambapo vipande hivyo vinalingana na mahali ambapo havilingani, na hasa unakaa kwenye ule mpaka wa saa sita ambao huwababaisha watu kila siku ya kazi.

Hatua ya kwanza: Jua salamu inafanya kazi gani

Salamu ya Kiingereza inayotaja wakati ni ya kumtakia mtu heri. Anayesema "good morning" anakutakia asubuhi njema, wala hajakuuliza kitu. Kwa hiyo jibu lake ni kumrudishia heri hiyo hiyo, yaani "good morning" kwa "good morning" na "good afternoon" kwa "good afternoon". Wengi wetu tulisoma katika madarasa ambamo wanafunzi walisimama na kuimba salamu kwa mwalimu, kisha wakamalizia kwa kusema kwamba wao ni wazima, na mazoea hayo hutufuata hadi ukubwani. Mtu akiambiwa "good afternoon" hujibu "fine", na aliyemsalimia hubaki akijiuliza ni swali gani lililojibiwa. "Fine" hufaa tu pale mwenzako anapoongeza "how are you", kwa sababu hapo ndipo anapokuwa ameuliza.

Salamu ya Kiswahili yenyewe huuliza. "Habari za asubuhi", au "habari ya asubuhi" kama wasemavyo wengi nchini Kenya, ni swali, na ndiyo maana hujibiwa "nzuri", "njema" au "salama". Swali hilo lina tabia moja ambayo wafasiri wa haraka huisahau: mara nyingi hutazama nyuma. Mlinzi anayemaliza zamu yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa tayari limechomoza, huulizwa "habari za usiku" au "habari za lindo", na hakuna anayeshangaa kwamba neno usiku limetajwa mchana kweupe, kwa sababu anaulizwa alivyoupitisha usiku uliokwisha. Vivyo hivyo, mtu anayerudi nyumbani saa kumi na moja jioni huulizwa "umeshindaje" au "habari za kutwa", yaani habari za mchana mzima alioumaliza.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mdomo, jiulize kama unataka kumtakia mtu heri ya wakati mliopo au unataka kumuuliza alivyoshinda au alivyolala. Ukisema Kiingereza, taja wakati mliopo. Ukisema Kiswahili, una ruhusa ya kutaja wakati mliopo au ule uliopita. Na ukikutana na mtu aliyekuzidi umri, kumbuka kwamba "shikamoo" haina saa. Hutolewa alfajiri sawasawa na itolewavyo usiku, hutangulia, husubiri "marahaba", na baada yake ndipo habari za asubuhi au za jioni zinapofuata.

Hatua ya pili: Soma saa kwa lugha unayosalimia

Hatua hii ni fupi lakini isirukwe. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, hivyo saa moja asubuhi ni ile ambayo simu huandika 7:00 AM, na saa sita mchana ni ile ambayo huandika 12:00 PM. Tofauti ni saa sita daima. Wanaojifunza hukosea hasa kwenye namba kumi na mbili, kwa kuwa 12:00 PM ni adhuhuri na 12:00 AM ni usiku wa manane. Aliyewahi kumwekea mgeni simu ya kumwamsha saa sita usiku badala ya saa sita mchana hasahau tena.

Herufi AM na PM ni vifupisho vya maneno ya Kilatini yanayomaanisha kabla ya adhuhuri na baada ya adhuhuri. Ukilikumbuka hilo, tayari umepata kanuni kuu ya salamu za Kiingereza bila kukariri kitu kingine: palipo na AM kuanzia alfajiri ni "good morning", na mara tu skrini inapogeuka kuandika PM, "good morning" imekwisha.

Hatua ya tatu: Vuka saa sita kwa usahihi

Kwa Kiingereza mpaka ni mkali. Saa 5:59 ni "good morning", na kuanzia saa 6:00 kamili ni "good afternoon". Sababu imo ndani ya neno lenyewe, kwa kuwa "afternoon" ni "after noon", yaani baada ya "noon". Neno hilo "noon" lina historia ambayo msemaji wa Kiswahili ataielewa upesi kuliko Mwingereza mwenyewe. Lilitoka katika Kilatini, katika maneno "nona hora", maana yake saa ya tisa. Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia jua kuchomoza, kama tufanyavyo sisi, hivyo saa yao ya tisa ilikuwa saa tisa yetu hii ya alasiri. Kanisani sala ya saa tisa iliitwa kwa jina hilo. Katika karne za kati jina hilo lilisogea taratibu kurudi nyuma hadi likatua kwenye saa sita, likabaki hapo, na Kiingereza kikabaki na neno linalosema tisa huku likimaanisha sita.

Kwa Kiswahili mpaka huo umelegea, na sioni sababu ya kuulazimisha ukaze. Neno "mchana" lina maana mbili: laweza kuwa muda wote wa mwanga, kama tunaposema usiku na mchana, na laweza kuwa kile kipande cha katikati baada ya asubuhi. Kwa sababu hiyo utamsikia mtu mmoja akisema saa tano asubuhi na mwingine akisema saa tano mchana, na wote wawili wakaeleweka bila ubishi. Kuanzia saa tano na nusu hivi, jua likiwa kali na harufu ya chakula ikianza kutoka majikoni, "habari za mchana" haimshtui mtu yeyote. Lakini usivuke kwenda upande wa pili: "habari za asubuhi" ikitolewa saa saba husikika kama ya mtu aliyeamka muda huo.

Jua nalo halikubaliani na saa ya ukutani. Tanzania nzima hutumia saa moja, ambayo imepimwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na mstari huo hauigusi nchi hii hata kidogo, kwani uko mbali baharini upande wa mashariki. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39, hivyo jua hufika kileleni pale, kwa wastani, dakika ishirini na kitu baada ya saa sita. Ndiyo maana adhana ya adhuhuri jijini husikika, kutegemea mwezi, kati ya saa 6:05 na saa 6:40 hivi. Kigoma iko karibu na nyuzi 30, na huko jua hufika kileleni karibu na saa saba. Basi mtumishi wa mapokezi wa Kigoma anayesema "good afternoon" saa 6:10 yuko sahihi kabisa kwa Kiingereza, ingawa kivuli cha mlingoti ulio nje bado kinamwambia kwamba ni asubuhi. Kiingereza cha leo hutii saa, hakitazami kivuli.

Acha nieleze mfano mmoja kwa ukamilifu, kwa kuwa ndio unaowatokea wengi. Nilialikwa kuongoza semina ya siku moja Dodoma, kwa lugha mbili, kwa sababu miongoni mwa washiriki walikuwamo wageni sita wasiojua Kiswahili. Ratiba iliandika ufunguzi saa 5:00 asubuhi. Niliandaa hotuba fupi iliyoanza kwa "good morning, ladies and gentlemen" na "habari za asubuhi, mabibi na mabwana". Mgeni rasmi alichelewa, kisha vipaza sauti vikagoma, na niliposimama saa ya ukutani ilionyesha saa 6:07. Karatasi ilikuwa na asubuhi na saa ilikuwa na mchana.

Hapo kuna njia tatu. Ya kwanza ni kusoma kilichoandikwa, na ndiyo inayochukuliwa na wengi, kisha ukumbi unacheka chinichini. Ya pili ni kubadilisha maneno kimyakimya na kusema "good afternoon", na hiyo ndiyo sahihi na ndiyo niliyoitumia. Ya tatu ni ile ya wasemaji waliozoea, ambao husema "good morning", hutazama saa, kisha husahihisha hadharani kwa "or rather, good afternoon", jambo ambalo pia ni njia ya adabu ya kukiri kwamba tumechelewa kuanza. Njia hii ya tatu hufaa mara moja. Nimemwona mshereheshaji akiirudia kwa kila msemaji aliyempandisha jukwaani hadi ikawa kero.

Upande wa Kiswahili wa hotuba ile sikutaka kusema "habari za mchana" kwa watu ambao nilikuwa nimewasalimu "habari za asubuhi" mlangoni saa moja kabla. Nilisema "habari za tangu asubuhi", wakaitikia "nzuri". Salamu hiyo hukubali kwamba mmekwisha kuonana na huuliza kilichopita katikati. Kiingereza hakina mfano wake. Ukimwambia mtu "good morning" saa mbili na ukarudia "good morning" saa nne, atadhani umesahau kwamba mlionana. Kwa mara ya pili ndani ya kipande kile kile cha siku, mwambie "hello again" au itosheleze kwa kutikisa kichwa. Kipande kikibadilika, kwa mfano mlionana asubuhi na sasa ni saa nane mchana, "good afternoon" inaruhusiwa bila shida.

Ikiwa huna saa karibu na una shaka kama saa sita imefika, kila lugha imekuwekea mlango wa pembeni. Kwa Kiswahili sema "habari za saa hizi" au "habari za wakati huu". Kwa Kiingereza sema "hello", ambayo hufaa saa yoyote. Jiepushe na "good day" kama njia ya kukwepa. Uingereza salamu hiyo imechakaa, na mara nyingi husikika kama ya mtu anayeaga akiwa amekasirika, ingawa Australia kifupi chake, "g'day", ni salamu ya kila siku.

Hatua ya nne: Usiruhusu jioni yetu iingilie alasiri yao

Mpaka wa saa sita huleta kicheko tu, lakini huu wa jioni huleta makosa mengi zaidi, kwa sababu wengi hawajui kwamba upo. Kiswahili hugawanya muda baada ya mchana kwa jua na kwa sala. Alasiri huingia karibu na saa tisa na nusu, jioni huhesabiwa na wengi kuanzia saa kumi, magharibi ni jua linapotua, na kuanzia saa moja tunasema usiku. Huku kwetu karibu na ikweta hesabu hiyo haiyumbi, kwa maana jua la Nairobi na la Dar es Salaam hutua kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima. Saa na giza vimeoana, na mtu hawezi kukosea.

Kiingereza kilikulia mahali ambapo saa na giza havijaoana. Mjini London katikati ya Desemba jua hutua kabla ya saa kumi jioni, na mwishoni mwa Juni hutua baada ya saa tatu usiku. Lau salamu zao zingefuata mwanga, "good evening" ingeanza saa kumi mwezi Desemba na saa tatu usiku mwezi Juni, na hakuna ofisi ambayo ingeweza kupanga kazi. Kwa hiyo hufuata saa na shughuli: "good afternoon" hudumu hadi watu wanapotoka kazini, yaani saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo ni "good evening" hadi watu wanapokwenda kulala. Mpaka huu hauko mkali kama ule wa saa sita. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili zote mbili ni sahihi. Mimi huwafundisha vijana kuvuka saa kumi na moja na nusu, si kwa sababu ipo kanuni, bali kwa sababu zamu yenye watu wanne inapendeza ikisalimia kwa namna moja.

Sasa tazama mahali ambapo lugha hizi mbili zinaachana. Saa kumi na robo, Mtanzania akifika kaunta utamwambia "habari za jioni", na mgeni anayemfuata nyuma yake utamwambia "good afternoon", na hujakosea popote. Saa mbili usiku utamwambia Mtanzania "habari za usiku", na mgeni utamwambia "good evening". Anayefasiri neno kwa neno atasema "good evening" saa kumi, kosa dogo ambalo mgeni atalisamehe, na atasema "good night" saa mbili, kosa kubwa lile nililolifanya mimi.

Chini ya kaunta yangu nilibandika kikaratasi ambacho hakikuwa na zaidi ya haya:

Hadi 11:59 AM: "good morning"
12:00 PM hadi 5:30 PM: "good afternoon"
5:30 PM hadi mwisho wa zamu: "good evening"
"Good night": anayepanda chumbani kulala tu

Kwa Kiswahili sikubandika kitu, kwa sababu kila aliyesimama pale alikuwa amezaliwa nacho. Ila wageni wa kutoka pwani na Visiwani walinifundisha kuongeza salamu mbili ambazo bara husikika kwa nadra: "sabalkheri" kwa asubuhi na "masalkheri" kwa alasiri na jioni. Zote zimetoka katika Kiarabu na, tofauti na "habari za", ni za kumtakia mtu heri ya wakati, kama zile za Kiingereza. Anayezijua ataona kwamba "good morning" imekaa karibu zaidi na "sabalkheri" kuliko na "habari za asubuhi", na kwa mwanafunzi wa Mombasa au Unguja njia ya kuielewa salamu ya Kiingereza hupitia hapo kwa urahisi.

Hatua ya tano: Baada ya saa sita usiku

Mgeni aliyeshuka kwenye ndege anaweza kuingia hotelini saa nane usiku. Kwa kufuata saa, muda huo ni AM, na wanaofanya kazi za usiku kwa Kiingereza, kama vile marubani na watangazaji wa redio, huwa wanasema "good morning" mara tu saa sita usiku inapopita. Lakini mgeni mwenyewe hajalala bado na siku yake ya jana haijaisha, hivyo "good evening" haimkeri, na pengine humfariji zaidi. Mimi hutazama kama mtu amelala au hajalala. Anayetoka safarini saa nane usiku humwambia "good evening", na anayeteremka saa kumi alfajiri akiwa ameoga, tayari kwenda mbugani, humwambia "good morning". Kwa Kiswahili wa kwanza ataambiwa "habari za usiku" na "pole na safari", na wa pili "umeamkaje" au "habari za alfajiri". "Umeamkaje", kwa njia, haidumu asubuhi yote: ikipita saa tatu hivi huanza kusikika kama unamsema mtu kwa kuchelewa kuamka.

Hatua ya sita: Simu na barua pepe

Kwenye simu kanuni ni kumsalimu mtu kwa saa ya mahali alipo yeye. Chukua mfano wa wakala wa safari aliyeko Dar es Salaam anayempigia mteja London saa saba na nusu mchana. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, London iko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo kule ni saa nne na nusu asubuhi. Katika miezi mingine wao husogeza saa zao mbele, tofauti inakuwa saa mbili, na kule ni saa tano na nusu asubuhi. Katika hali zote mbili anayepiga atasema "good morning", ijapokuwa yeye mwenyewe amekwisha kula chakula cha mchana. Akipiga saa nane na nusu mchana ndipo tofauti inapoleta mtego: majira ya baridi kule bado ni saa tano na nusu asubuhi, lakini majira ya joto ni saa sita na nusu, na "good morning" imekwisha. Asiyetaka kupiga hesabu amwache anayepokea aseme kwanza, kisha amrudishie aliyoisikia.

Barua pepe ina shida nyingine, kwa kuwa saa ya kuandikwa si saa ya kusomwa. Uliyoiandika saa tano na dakika hamsini kwa "good morning" inaweza kufunguliwa saa tisa. Hilo si kosa la adabu, na wengi hufanya hivyo, lakini katika barua rasmi naona ni salama zaidi kuanza kwa "Dear" na cheo cha mtu, na kwa Kiswahili kwa "Ndugu" au "Mheshimiwa", bila kutaja wakati. Matangazo yanayosikilizwa na watu wengi mchana kutwa, kama ujumbe uliorekodiwa kwenye simu ya ofisi, nayo yasiwe na asubuhi ndani yake. Nimewahi kupiga simu ofisi fulani saa kumi na moja jioni nikaambiwa na mashine "habari za asubuhi", na nikajua mara moja kwamba hakuna binadamu atakayepokea.

Hatua ya saba: Kuaga

Hapa ndipo lile neno nililolitumia vibaya linapopata mahali pake. Kwa Kiingereza "good night" ni ya kuagana usiku tu, hata kama ni saa moja na hata kama wote mnakwenda kula wala si kulala. Haiwi salamu ya kukutana hata iwe saa ngapi. Mchana, anayeondoka huambiwa "have a good day", "have a good afternoon" au "goodbye".

Kwa Kiswahili alama ya kuaga ni ile sifa inayofuata jina la wakati. "Habari za jioni" ni ya kukutana na "jioni njema" ni ya kuagana. "Siku njema", "mchana mwema" na "usiku mwema" zote ni za anayeondoka au anayeachwa. Kwa hiyo kijana aliyesoma kamusi na kumkaribisha mgeni Mswahili kwa "asubuhi njema", akidhani ndiyo "good morning", amefanya kosa langu lile lile kwa upande wa pili. Anayekwenda kulala huambiwa "lala salama" au "lala unono", na pwani mtu huaga kwa "alamsiki" akajibiwa "binuru".

Yule mgeni wa Arusha alikaa usiku tatu. Kila alipopita mapokezi kwenda chumbani baada ya chakula cha jioni aliinua mkono na kuniambia "good night", akilitamka polepole kidogo kuliko kawaida, nami nikamjibu "good night, sir", safari hii mahali panapostahili.